Kinachoharibu Faili la CSV Usiku

Faili la CSV ni maandishi matupu. Kila mstari ni rekodi moja, na thamani zilizo ndani ya rekodi hutenganishwa kwa mkato. Halina rangi, halina fomula, halina kurasa. Zaidi ya hayo, halina mahali popote linapojieleza: hapaandikwi ni mfumo upi wa herufi uliotumika, mstari unaishia kwa alama gani, wala ni mstari upi wenye majina ya safu. Anayelipokea lazima awe ameyajua hayo kwa njia nyingine, la sivyo atakisia.

Mtu akilifungua faili hilo kwenye Excel, macho yake humsaidia. Akiona kichwa cha ripoti juu, hukiruka. Akiona neno JUMLA chini, anajua si jina la mwanachama. Programu inayoamka saa nane usiku kuchukua faili na kuliingiza kwenye kanzidata haina macho hayo. Hufanya kazi tatu kwa mpangilio usiobadilika: hugeuza baiti kuwa herufi, hugawa herufi kuwa mistari, kisha hugeuza mistari kuwa rekodi. Kosa la hatua ya kwanza mara nyingi huja kuonekana kwenye hatua ya tatu, na hapo ndipo watafutaji wengi hupotea.

Uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye matawi matatu Dar es Salaam: Chang'ombe, Mbagala na Kigamboni. Kila jioni karani wa makao makuu hupokea majedwali ya marejesho ya mikopo kutoka matawini, huyaunganisha, huyahifadhi kama CSV na kuyaweka kwenye folda ya seva. Faili la siku moja, likiwa limefupishwa, lingekuwa hivi:

```
Ripoti ya marejesho,,,
Machi 2025,,,
,,,
namba,jina,kiasi,tawi
4170,Asha Juma,150000,Chang’ombe
4171,Musa Ng’wandu,80000,Mbagala
namba,jina,kiasi,tawi
5203,Neema Paulo,120000,Kigamboni
JUMLA,,350000,
```

Mistari ni tisa, lakini rekodi za kweli ni tatu. Na ndani ya mistari hiyo tisa mna karibu kila kosa linaloweza kuiangusha kazi ya usiku, au kuiacha ipite ikiwa imebeba uongo.

Hatua ya kwanza ni herufi. Kompyuta huhifadhi namba, si herufi, kwa hiyo kila herufi hupewa namba yake. Mfumo wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, una nafasi 128 tu, nazo zinatosha herufi zote za Kiswahili, tarakimu na alama za kawaida. Hata ritifaa ya ng' imo, ile iliyonyooka, yenye namba 27 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Mifumo iliyofuata iliziacha nafasi hizo 128 jinsi zilivyo na kuongeza zake juu. Windows-1252, uliozoeleka kwenye Windows iliyowekwa kwa Kiingereza, hutumia baiti moja kwa kila herufi. UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hutumia baiti moja kwa herufi za ASCII na baiti mbili hadi nne kwa nyingine zote.

Matokeo yake ni kwamba faili la Kiswahili lenye herufi za ASCII pekee huwa na baiti zilezile likihifadhiwa kwa mfumo wowote kati ya hiyo mitatu. Programu inayosoma kwa mfumo usio sahihi inaweza kufanya kazi miezi mingi bila kosa, na waliyoitengeneza wakaamini ni salama. Usalama huo ni wa bahati. Huvunjika siku inapoingia herufi ya kwanza iliyo nje ya ASCII, na kwa Kiswahili herufi hiyo karibu kila mara ni ritifaa iliyopinda.

Ritifaa hiyo haiandikwi na karani kwa makusudi. Word huipinda yenyewe wakati mtu anachapa, na baadhi ya simu hufanya vivyo hivyo. Karani wa tawi akinakili jina la Chang’ombe kutoka kwenye barua iliyoandikwa kwa Word na kulibandika kwenye jedwali, ritifaa iliyopinda huja nalo. Kwa jicho ni alama ileile. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa: katika Windows-1252 ni baiti moja, 92, katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99.

Kosa lina pande mbili. Faili likiwa limehifadhiwa kwa UTF-8 na programu ikalisoma kama Windows-1252, baiti zile tatu husomwa kuwa herufi tatu, na jina la tawi huwa Chang’ombe. Hakuna onyo linalotolewa, kwa sababu karibu kila baiti ina maana fulani katika Windows-1252. Jina hilo bovu likiingia kwenye kanzidata, likatolewa tena kama UTF-8 na kusomwa vibaya mara ya pili, herufi tatu huwa nane: Chang’ombe. Anayeona mlolongo mrefu namna hiyo anaweza kusema kwa uhakika kwamba kosa limetokea mara mbili, na kwamba liko mahali ambapo data huzunguka.

Upande wa pili ni faili la Windows-1252 linalosomwa kama UTF-8. Hapa programu husimama. UTF-8 ina kanuni kali kuhusu baiti ipi inaweza kufuata ipi, na baiti 92 ikiwa peke yake haikubaliki. Python ikisoma faili la mfano hapo juu, lililohifadhiwa kwenye Windows, hutoa ujumbe huu:

```
UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode byte 0x92 in position 94: invalid start byte
```

Ujumbe huo unaudhi usiku, lakini ni wa thamani kubwa. Unataja baiti yenyewe na mahali ilipo: ukihesabu kuanzia sifuri, nafasi ya 94 ni ile inayofuata mara baada ya Chang. Na baiti 0x92 ikitajwa, aliyezoea kazi hii hahitaji kutafuta zaidi. Ni ritifaa iliyopinda kutoka Windows.

Kwa bahati mbaya wengi huutibu ujumbe huo kwa dawa mbaya: kuiambia programu isome kwa mfumo unaoitwa latin-1. Mfumo huo hukubali kila baiti kati ya zote 256, kwa hiyo makosa hukoma siku hiyohiyo. Lakini katika latin-1 namba 92 ni alama ya udhibiti isiyoonekana. Jina la tawi huingia likiwa na kitu kisichoonekana kati ya g na o, kwenye skrini huonekana kama Changombe, na anayelitafuta hata kwa kuandika Changombe halipati. Kosa lililokuwa likipiga kelele limenyamazishwa, halikuondolewa.

Yapo mabaya zaidi. Katika Excel, chaguo liitwalo `CSV (Comma delimited)` huhifadhi kwa mfumo wa Windows wa kompyuta husika. Herufi isiyokuwamo kwenye mfumo huo haina pa kuandikwa. Jina lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu hubaki safu ya alama za kuuliza, na herufi kama ũ ya majina ya Kikikuyu hupoteza alama yake au huwa alama ya kuuliza. Uharibifu huu hutokea kwenye kompyuta ya karani, kabla faili halijafika kwenye seva. Herufi zilizosomwa vibaya, kama zile tatu za Chang’ombe, huweza kurudishwa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kwa kuwa baiti zake bado zipo. Alama ya kuuliza haibebi kumbukumbu ya ilichokifuta.

Chaguo sahihi, `CSV UTF-8 (Comma delimited)`, huhifadhi herufi zote, lakini huja na jambo lake. Excel huanza faili hilo kwa baiti tatu za utambulisho, EF BB BF, ambazo kwenye skrini hazionekani. Katika faili letu hazileti madhara, kwa sababu zinashikamana na maneno “Ripoti ya marejesho”, ambayo hayatumiki. Siku karani anapoambiwa alisafishe faili, akafuta mistari mitatu ya juu, baiti hizo hushikamana na neno namba. Programu inatafuta safu iitwayo namba, nayo haipo. Kuna safu nyingine yenye jina linalofanana nalo kwa macho, ila imetanguliwa na herufi isiyoonekana. Python hutoa `KeyError: 'namba'`, na mtu akifungua faili anaona neno namba limeandikwa waziwazi mstari wa kwanza. Faili lililosafishwa ndilo limevunja kazi, na karani hulaumiwa bila kosa.

Njia nzuri ya kusoma ni fupi. Programu ijaribu UTF-8 kwanza kwa ukali wote, ikiondoa baiti za utambulisho zikiwapo, na ikishindwa ndipo ijaribu Windows-1252:

```python
raw = open(path, 'rb').read()
try:
    text = raw.decode('utf-8-sig')
except UnicodeDecodeError:
    text = raw.decode('cp1252')
```

Mpangilio huo una sababu. Kwa kuwa UTF-8 ni kali, ni nadra sana maandishi ya mfumo mwingine yenye herufi nje ya ASCII kupita mtihani wake kwa bahati. Ukianza na Windows-1252, karibu kila faili litapita, na mtihani hautakuwa mtihani. Njia hii ina mpaka pia. Chaguo la Excel liitwalo `CSV (Macintosh)` hutumia mfumo wa tatu, ambamo ritifaa iliyopinda ni baiti D5, na baiti hiyo katika Windows-1252 ni herufi Õ. Tawi likiitwa ChangÕombe kwenye kanzidata, chanzo chake ndicho hicho.

Hata baiti zikisomwa sawasawa, kazi ya ritifaa haijaisha. Chang’ombe yenye ritifaa iliyopinda na Chang'ombe yenye ritifaa iliyonyooka ni maneno mawili tofauti kwa kanzidata. Orodha ya matawi ikiwa na moja, nyingine haitalingana nayo. Programu ya Kiswahili inayoingiza majina ya watu na mahali inapaswa kuzigeuza ritifaa zote zilizopinda, za kushoto na za kulia, kuwa iliyonyooka kabla ya kulinganisha chochote. Hili halimo kwenye vitabu vingi vya programu kwa sababu waliviandika hawaishi na majina kama Ng'wandu.

Hatua ya pili ni kugawa mistari. Kwenye mashine za simu za maandishi, kumaliza mstari kulihitaji vitendo viwili: kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni, na kusogeza karatasi mstari mmoja. Kila kitendo kilipewa alama yake katika ASCII, ya kwanza 0D na ya pili 0A. Kwenye programu huandikwa `\r` na `\n`. Windows iliendelea kutumia zote mbili pamoja. Unix, na Linux inayoendesha seva nyingi, hutumia `\n` pekee. Kompyuta za zamani za Macintosh zilitumia `\r` pekee.

Faili likitoka kwenye Windows ya karani na kusomwa na programu iliyoandikwa kukata kwenye `\n`, ile `\r` hubaki imening'inia mwisho wa thamani ya mwisho ya kila mstari. Katika mfano wetu safu ya mwisho ni tawi. Tawi la mwanachama wa pili si Mbagala tena, ni Mbagala na alama isiyoonekana. Programu haikuti tawi la jina hilo, na inajaribu kuandika: Tawi 'Mbagala' halijulikani. Anayesoma kwenye skrini anaona hiki tu:

```
' halijulikani
```

Sababu ni kwamba `\r` bado inafanya kazi yake ya asili. Skrini ikiikuta katikati ya ujumbe, hurudi mwanzo wa mstari na kuandika sehemu iliyobaki juu ya ile iliyotangulia. Ujumbe wa kosa unaoanza katikati, hasa unaoanza kwa alama ya kufunga nukuu, ni ushahidi wa `\r` iliyosalia. Amri `cat -A` kwenye Linux huthibitisha: mistari ya Windows huonekana ikiishia na `^M$`, ya Linux ikiishia na `$` pekee. Faili likiwa la `CSV (Macintosh)`, amri `wc -l` inayohesabu `\n` husema mistari ni 0, ingawa faili lina mamia ya rekodi.

Wengine huondoa tatizo hili kwa kukata mistari wao wenyewe na kufuta kila `\r`. Huo ni mtego. Mtu akibonyeza Alt na Enter ndani ya seli ya Excel, kwa mfano kuandika anwani kwa mistari miwili, Excel huweka `\n` ndani ya thamani na kuizungushia alama za kunukuu. CSV inaruhusu hilo. Anayekata kwa kufuata `\n` pekee huivunja rekodi moja kuwa vipande viwili, kila kimoja kikiwa na safu pungufu. Kisomaji cha CSV kinachoelewa alama za kunukuu ndicho cha kutegemewa. Katika Python ni moduli `csv`, na maandishi yapewe kwake bila kubadilishwa miisho ya mistari:

```python
rows = list(csv.reader(io.StringIO(text, newline='')))
```

Hatua ya tatu, mistari ya vichwa, ndiyo inayoonekana rahisi na ndiyo inayopoteza fedha.

Dawa ya kwanza inayomjia mwandishi wa programu ni kuruka idadi maalumu ya mistari. Faili letu lina mistari mitatu ya mapambo na mmoja wa vichwa, basi programu inaambiwa iruke minne. Mwezi unaofuata karani anafuta mstari mtupu ulio kati. Sasa vichwa viko mstari wa tatu, na ule wa nne ni Asha Juma. Programu inaruka minne kama ilivyoagizwa, na marejesho ya Asha ya shilingi 150,000 hayaingii. Hakuna kosa lililotokea kwa macho ya programu. Asha atajua siku atakapoambiwa kwamba amechelewa kulipa, na atahitaji risiti kuthibitisha kwamba alilipa. Kosa hili ni baya kuliko yote yaliyotajwa, kwa sababu mzigo wake humwangukia mtu ambaye hajawahi kuligusa faili hilo.

Inafaa programu iutafute mstari wa vichwa kwa yaliyomo, si kwa nafasi. Majina ya safu yanajulikana, kwa hiyo mstari wenye majina hayo yote manne, kwa mpangilio huo, ndio mwanzo:

```python
HEADER = ['namba', 'jina', 'kiasi', 'tawi']
clean = [[c.strip() for c in r] for r in rows]
start = clean.index(HEADER)
```

Usipopatikana, Python hutoa kosa na kazi husimama, kama inavyotakiwa. Mtu aliyebadilisha kiasi kuwa malipo, au aliyepachika safu mpya katikati, atagunduliwa usiku huohuo. Kwenye Excel yenye mipangilio ya nchi zinazotumia mkato kwa desimali, kitenganishi cha CSV huwa nukta mkato. Faili la namna hiyo nalo litakataliwa hapa, kwa kuwa mstari wote utasomwa kama safu moja.

Mstari wa vichwa unaojirudia, kama wa saba katika mfano, hutokana na kuunganisha mafaili ya matawi bila kufuta vichwa vya faili la pili. Kanzidata kali hukataa neno kiasi mahali pa namba. MySQL isipowekwa katika hali kali huandika 0, hutoa onyo na kuendelea, na hivyo chama hupata mwanachama aitwaye jina, wa tawi liitwalo tawi. Mstari unaofanana kabisa na vichwa unaweza kuachwa kwa usalama, ila programu ihesabu umeachwa mara ngapi na kuandika hesabu hiyo kwenye taarifa yake.

Mstari wa JUMLA una hatari tofauti. Ikiwa namba ya mwanachama huhifadhiwa kama maandishi, JUMLA huingia kama mwanachama mwenye marejesho ya 350,000, na jumla ya siku inayokokotolewa kwenye kanzidata huwa 700,000, mara mbili kamili ya ukweli. Ripoti iliyoongezeka maradufu bila sababu inapaswa kumfanya mtu autafute mstari huo kabla ya kitu kingine. Lakini kuufuta tu ni kupoteza kitu chenye manufaa. Karani ameshaijumlisha siku yake. Programu nayo ijumlishe rekodi ilizozisoma na kulinganisha. Zikikutana kwenye 350,000, kuna uthibitisho kwamba hakuna mstari wa katikati uliomezwa. Zikitofautiana kwa 150,000, hata kabla ya kufungua faili inajulikana ni marejesho ya kiasi gani ya kutafuta.

Mstari mwingine wowote usiosomeka kama rekodi, wenye safu pungufu, kiasi kisicho namba au tawi lisilojulikana, usiachwe kimyakimya. Rekodi zote ziingizwe katika muamala mmoja wa kanzidata, ili mstari mmoja ukikataliwa lisiingie lolote, na kazi iweze kurudiwa asubuhi bila kuingiza wengine mara mbili. Faili lililokataliwa lihamishiwe kwenye folda ya pembeni jinsi lilivyo, baiti kwa baiti, pamoja na ujumbe unaotaja mstari na thamani iliyokataliwa. Kulifungua kwenye Excel ili kulitazama na kisha kulihifadhi kunaweza kubadilisha mfumo wa herufi na kufuta ushahidi wenyewe.

Na kwa anayetayarisha faili hilo jioni: katika Excel achague `CSV UTF-8 (Comma delimited)`, aanze na majina ya safu kwenye mstari wa kwanza kabisa, na kichwa cha ripoti akiweke kwenye jina la faili badala ya kukiandika ndani ya jedwali.